Jedwali la mitosisi na meiosisi: anza na metafezi na anafezi

*Swali: Mwalimu, nimetengeneza jedwali la kulinganisha hatua za mitosisi na meiosisi kwa ajili ya mtihani, lakini kila mstari naona narudia yaleyale: kromosomu zinajikunja, zinajipanga katikati, zinavutwa kwenye ncha. Kuhesabu kromosomu na kromatidi kunanichanganya, na sielewi kwa nini meiosisi II isiitwe tu mitosisi. Nijaze nini ili jedwali linisaidie kwenye maswali ya michoro?*

Weka profezi na telofezi pembeni kwa sasa, anza na metafezi na anafezi. Karibu kila tofauti utakayoulizwa inatokana na jambo moja linaloonekana katika hatua hizo mbili: nini kimeshikana na nini wakati kromosomu zinajipanga, na kifungo kipi kinakatika zinapoanza kuvutwa. Ukishalijua hilo, mistari mingine ya jedwali unaweza kuijaza hata kama maneno ya kitabu yamekutoka kichwani.

Tuelewane kwanza kuhusu vitu viwili vinavyochanganywa sana. Kabla seli haijagawanyika, katika kipindi cha intafezi kiitwacho S, DNA ya kila kromosomu hunakiliwa. Kuanzia hapo kromosomu moja ina nyuzi mbili zinazolingana, zimeshikana kwenye sentromea. Nyuzi hizo nitaziita kromatidi pacha. Kromosomu wenza ni habari nyingine kabisa. Hizi ni kromosomu mbili kamili, moja imetoka kwa mama na nyingine kwa baba, zina urefu uleule na hubeba jeni za sifa zilezile kwa mpangilio uleule, ingawa alili zake zaweza kutofautiana. Vitabu vingine huziita kromosomu homologasi. Kwa kifupi, kromatidi pacha ni nakala moja ya nyingine, lakini kromosomu wenza si nakala. Mwanafunzi anayeandika kwamba "kromosomu zinaachana" bila kusema ni pacha au wenza hajajibu chochote, na msahihishaji hana pa kumpa alama.

Jedwali lenyewe liwe hivi:

| Hatua | Mitosisi | Meiosisi I | Meiosisi II |
|---|---|---|---|
| Profezi | Kila kromosomu inaonekana ikiwa na kromatidi mbili. Kromosomu wenza zimo lakini hazitafutani. | Kromosomu wenza hulala sambamba na kubadilishana vipande vya kromatidi. | Idadi ya kromosomu ni nusu, na kila moja ina kromatidi mbili. Wenza wake hayumo tena ndani ya seli hii. |
| Metafezi | Kromosomu zimejipanga mojamoja katikati ya seli. | Kromosomu zimejipanga kwa jozi za wenza katikati ya seli. | Kromosomu zimejipanga mojamoja, lakini ni nusu ya idadi ya mwanzo. |
| Anafezi | Sentromea zinagawanyika. Kromatidi pacha zinaachana. | Sentromea hazigawanyiki. Kromosomu wenza zinaachana, kila moja na kromatidi zake mbili. | Sentromea zinagawanyika. Kromatidi pacha zinaachana. |
| Telofezi | Viini viwili, kila kimoja na idadi ya mwanzo. | Viini viwili, kila kimoja na nusu ya idadi. Kromosomu bado zina kromatidi mbili. | Kutokana na seli zote mbili, viini vinne vyenye nusu ya idadi. Kila kromosomu ni uzi mmoja. |

Utaona sikuandika habari za utando wa kiini kuvunjika, nukleoli kupotea au nyuzi za spindeli kujengeka. Mambo hayo hutokea katika migawanyiko yote mitatu, kwa hiyo hayalinganishi kitu. Ukiambiwa "eleza hatua za mitosisi", yaandike. Ukiambiwa "linganisha", yanakula nafasi na muda wako bure. Intafezi nayo sikuiweka kwa sababu si hatua ya mgawanyiko. Hata hivyo, chini ya jedwali andika sentensi moja: kati ya meiosisi I na meiosisi II DNA hainakiliwi. Sentensi hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini idadi ya mwisho ni nusu, na maswali mengi huizunguka bila kuitaja.

Sasa turudi kwenye vifungo. Kromatidi pacha zinashikanishwa na protini iitwayo kohesini, ambayo huzizunguka kuanzia wakati DNA inaponakiliwa. Katika mitosisi, kufikia metafezi, nyuzi za spindeli kutoka ncha moja zimeshika pacha mmoja na nyuzi za ncha ya pili zimeshika pacha wa pili. Zinavuta, lakini kohesini iliyobaki kwenye sentromea haiachii. Mvutano huo ndio unaoiweka kromosomu katikati ya seli. Kisha kimeng'enya kiitwacho separasi hukata kohesini, na pacha huachana kwa ghafla. Hiyo ndiyo anafezi ya mitosisi.

Katika meiosisi I ni lazima kwanza wenza washikane, vinginevyo hakuna kitakachowapanga katikati wakiwa jozi. Hapa ndipo kubadilishana vipande kunapopata kazi ambayo majibu mengi ya wanafunzi hayaitaji. Wote huandika kwamba kunaleta mchanganyiko mpya wa alili, na ni kweli. Lakini mahali ambapo kromatidi ya mama na ya baba zimekatika na kuunganishwa upya, panapoonekana kwa hadubini kama alama ya msalaba iitwayo kiasma, ndipo jozi inaposhikana. Jozi isiyo na kiasma hata kimoja iko hatarini kupotea njia, yaani wenza wote wawili kwenda ncha moja.

Mpangilio wa nyuzi nao ni tofauti. Katika meiosisi I kromatidi pacha zote mbili za kromosomu moja hushikwa na nyuzi za ncha moja, na mwenza wake hushikwa na nyuzi za ncha ya pili. Separasi inapokuja, hukata kohesini ya mikono ya kromosomu tu. Ile ya kwenye sentromea inalindwa na protini nyingine, shugoshini. Kwa sababu ya ulinzi huo, wenza huachana wakati pacha bado wameshikana. Katika meiosisi II ulinzi umeondolewa, kohesini iliyobaki inakatwa, na pacha wanaachana kama ilivyo katika mitosisi. Katika mitihani ya shule huenda usiulizwe majina ya protini hizi. Nimeyataja kwa sababu yanakuonyesha kwamba mistari ya metafezi na anafezi ni tukio moja: jinsi kromosomu zilivyoshikana katikati ndivyo inavyoamuliwa kitakachoachana baadaye.

Tuhesabu. Kanuni ni kuhesabu sentromea: kila sentromea ni kromosomu moja, iwe ina uzi mmoja au miwili. Chukua seli yenye 2n = 4, yaani jozi mbili, moja ndefu na moja fupi. Kromosomu ndefu ya mama ina alili A na ya baba ina a. Fupi ya mama ina B na ya baba ina b. Kabla ya kunakili DNA seli ina sentromea 4 na nyuzi 4. Baada ya kunakili ina sentromea 4 bado, lakini kromatidi 8. Watu wengi huteleza hapa na kusema kromosomu zimekuwa 8. Hapana, DNA ndiyo imeongezeka maradufu.

Seli hiyo ikiingia mitosisi, profezi na metafezi zina kromosomu 4 na kromatidi 8. Katika anafezi sentromea zinagawanyika, kwa hiyo kwa muda mfupi seli moja ina kromosomu 8, nne zikielekea kila ncha. Wakati huo hatusemi tena kromatidi, maana kila uzi umepata sentromea yake na umekuwa kromosomu kamili. Baada ya telofezi na seli kukatika, kila seli ina kromosomu 4, na zote mbili ni AaBb.

Ikiingia meiosisi, profezi I na metafezi I zina kromosomu 4 na kromatidi 8 vilevile. Hesabu ni ileile ya mitosisi, kwa hiyo hesabu peke yake haitakusaidia kutofautisha metafezi ya mitosisi na metafezi I. Angalia mpangilio: 4 katika mstari mmoja, au jozi 2 zinazotazamana. Katika anafezi I sentromea hazigawanyiki, hivyo seli bado ina kromosomu 4, mbili zikielekea kila ncha, kila moja na kromatidi mbili. Baada ya telofezi I kila seli ina kromosomu 2 na kromatidi 4. Ndani ya seli hiyo kuna ndefu moja na fupi moja, na hakuna aliye na mwenzake.

Meiosisi II inaanza na kromosomu 2, kromatidi 4. Katika anafezi II zinakuwa kromosomu 4 kwa muda, mbili kila upande, na mwishoni kila seli ina kromosomu 2 zenye uzi mmoja mmoja. Tukiacha pembeni kubadilishana vipande, gameti zitakuwa AB, AB, ab, ab, au Ab, Ab, aB, aB. Inategemea jozi fupi ilielekea wapi ikilinganishwa na jozi ndefu pale metafezi I. Jozi 2 zina njia 2² = 4 za kugawana. Binadamu mwenye jozi 23 ana njia 2²³, yaani 8,388,608, kabla hata hujagusa kubadilishana vipande.

Swali lako kuhusu meiosisi II lina jibu katika hesabu hizo, ila ongeza kipimo kimoja, kiasi cha DNA. Gameti ikiwa na kiasi C, seli ya mwili kabla ya kunakili ina 2C na baada ya kunakili ina 4C. Mitosisi inaigawa 4C kuwa 2C na 2C. Meiosisi I nayo inaigawa 4C kuwa 2C na 2C. Kwa hiyo seli iliyotoka meiosisi I ina DNA sawa kabisa na seli ya mwili ambayo haijanakili, lakini idadi ya kromosomu ni nusu na wenza hawamo. Ukipewa grafu ya kiasi cha DNA peke yake, mteremko wa kwanza hauwezi kukuambia ni mitosisi au meiosisi. Ni mteremko wa pili, kutoka 2C hadi C bila kupanda kati yake, unaokuambia. Mwendo wa kromosomu katika meiosisi II ni ule wa mitosisi, hilo huna haja ya kubishana nalo. Tofauti ni seli inayoingia: imeshapunguzwa idadi, haikunakili DNA kabla, na kwa kuwa vipande vilibadilishwa katika profezi I, kromatidi zake pacha si lazima ziwe sawa tena. Kwa hiyo seli mbili zinazotoka meiosisi II zinaweza kutofautiana, jambo ambalo katika mitosisi lingetokea tu kwa mabadiliko ya bahati katika DNA.

Hebu tulijaribu jedwali kwenye mchoro. Umepewa mnyama mwenye 2n = 6 na seli yenye kromosomu 3, kila moja na kromatidi mbili, zimejipanga mojamoja katikati. Kwanza, sentromea 3 ni nusu ya 6. Pili, urefu wa zote tatu ni tofauti, hakuna wenza. Tatu, zimejipanga mojamoja. Ni metafezi II. Kama ungeona sentromea 6 katika mstari mmoja, ungesema metafezi ya mitosisi; kama ungeona jozi 3 zinazotazamana, metafezi I.

Michoro ya anafezi ndiyo inayowatega wengi, kwa hiyo tazama umbo la kila kipande kinachovutwa. Kikiwa uzi mmoja uliokunjika kama herufi V, sentromea ikitangulia, ni mitosisi au anafezi II, na unaamua kwa kuhesabu vipande vya upande mmoja: kwa mnyama wetu, 6 ni mitosisi na 3 ni anafezi II. Vipande vikiwa na kromatidi mbili bado, yaani mikono minne inayoburuzwa nyuma ya sentromea, ni anafezi I. Hilo halihitaji hata kuhesabu. Sentromea ikiwa mwishoni mwa kromosomu, usitarajie V safi, lakini bado utaona kama ni uzi mmoja au miwili.

Mtahini mkali anaweza asikupe 2n. Hapo uwe mwangalifu: kromosomu chache zisizo na wenza hazimaanishi meiosisi II kila mara. Nyuki dume hutokana na yai lisilorutubishwa, ana kromosomu 16 wakati malkia ana 32, na kiinitete chake hukua kwa mitosisi ya kawaida. Seli yake katika metafezi itaonyesha kromosomu 16 mojamoja, hakuna wenza, na ni mitosisi. Kuvu nyingi nazo hugawanyika kwa mitosisi zikiwa na seti moja tu. Kwa hiyo usiandike kwamba mitosisi hutokea kwenye seli zenye seti mbili peke yake. Ni meiosisi inayohitaji wenza ili ianze.

Namna nzuri ya kupima kama jedwali limekuingia ni kuliharibu kwa makusudi. Rudi kwenye 2n = 4 na useme jozi ndefu haikuachana katika anafezi I: zote mbili zimekwenda ncha moja, jozi fupi imegawana vizuri. Seli moja inapata kromosomu 3 na nyingine 1. Meiosisi II ikiendelea bila kosa, gameti nne zitakuwa na kromosomu 3, 3, 1 na 1. Hakuna hata moja iliyo sahihi, na zile zenye 3 zimebeba A na a kwa pamoja.

Sasa sogeza kosa hadi anafezi II: meiosisi I imekwenda sawa, kila seli ina kromosomu 2, ila katika seli moja kromatidi pacha za kromosomu ndefu zimekataa kuachana. Seli hiyo inatoa gameti ya kromosomu 3 na nyingine ya 1, wakati seli ya pili inatoa gameti mbili za kromosomu 2. Nusu ya gameti ni nzima. Na ile yenye 3 imebeba A na A, au a na a, kwa sababu waliobaki pamoja ni pacha, si wenza (kubadilishana vipande karibu na jeni hiyo kunaweza kuvuruga hili, lakini katika swali la darasani utaambiwa).

Hivi ndivyo watafiti wa jenetiki wanavyojua kosa lilitokea wapi katika mtoto mwenye kromosomu 21 tatu: wanalinganisha alama za DNA zilizo karibu na sentromea. Mtoto akiwa amepokea alama mbili tofauti za mama, kosa linahesabiwa kuwa la meiosisi I. Akiwa amepokea alama ileile mara mbili, ni la meiosisi II. Mengi ya makosa hayo hutoka upande wa yai, hasa katika meiosisi I. Sababu mojawapo ni muda. Yai la binadamu huingia profezi I kabla msichana hajazaliwa na kusimama hapo kwa miaka, wenza wakiwa wameshikana kwa kiasma na kohesini ileile, hadi mzunguko utakapolifikia. Likikomaa linamaliza meiosisi I, linasimama tena metafezi II, na linamaliza tu mbegu ya kiume ikiingia. Kadiri miaka inavyokwenda kohesini hulegea, na jozi zinaweza kuachana kabla ya wakati.

Yai linatukumbusha pia kurekebisha kisanduku kimoja cha jedwali. "Viini vinne" ni sawa, lakini "gameti nne" ni kwa mbegu za kiume. Kwa yai, kila mgawanyiko huacha karibu saitoplazimu yote upande mmoja, na upande wa pili hubaki kiseli kidogo kiitwacho mwili wa ncha. Swali likisema "seli za uzazi za kike", jibu ni yai moja na miili ya ncha, na jinsi kromosomu zinavyogawanywa haibadiliki.